Je, punyeto ndiyo inayoua nguvu za kiume? Nimeambiwa mishipa yangu imelegea

Mgeni wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nina umri wa miaka 27 na nimeoa miezi minane iliyopita. Nilianza kupiga punyeto nikiwa kidato cha pili, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo karibu kila siku, mara nyingi nikiwa nimelala kifudifudi ili wenzangu wa bwenini wasigundue. Mwezi wa kwanza wa ndoa mambo yalikwenda vizuri. Kisha usiku mmoja, nikiwa nimetoka kazini nimechoka na nina mawazo ya deni, uume ulilegea katikati ya tendo. Tangu usiku huo hali hiyo imejirudia karibu kila mara ninapokuwa na mke wangu.

Nilikwenda kwa muuza dawa za asili. Hakunipima chochote. Aliniuliza swali moja tu, kwamba niliwahi kupiga punyeto au la, na nilipokiri akatikisa kichwa na kusema kwamba mishipa ya uume imelegea na misuli imesinyaa. Dozi ni ya wiki sita kwa shilingi 180,000, nami nimeshalipa nusu. Kabla sijalipa nusu iliyobaki, naomba kufahamu kama ni kweli kwamba punyeto ndiyo iliyonifikisha hapa.

Chuma Imara

Pole sana mkuu. Nami nilipitia huko huko na nakuambia bila kusita kwamba punyeto ndiyo adui. Kila unapomwaga unapoteza homoni ya kiume. Wachina walifanya utafiti mwaka 2003 wakaona kwamba mwanaume asipomwaga kwa siku saba, testosteroni yake hupanda kwa karibu nusu. Mimi nilijizuia siku 90 na nikarudi kuwa mwanaume kamili. Tena hilo la kulala kifudifudi ndilo baya zaidi, kwa sababu unauzoesha uume kitu ambacho mwanamke hana.

Mja Mpole

Ndugu zangu, sioni sababu ya kuzunguka. Jambo hili ni dhambi katika dini zetu, na anayelitenda asishangae kuona mwili wake unamwadhibu. Mleta mada atubu kwanza, kisha aombe shifaa.

Tabibu wa Zamu

Mja Mpole, swali la halali na haramu lina wenyewe na sitaligusa. Mleta mada ameuliza kuhusu sababu ya ugonjwa. Mtu anaweza kuacha jambo kwa ajili ya imani yake, na ni haki yake, lakini hatuwezi kulitumia hilo kama kipimo cha damu.

Mgeni wa Tabata, mimi ni tabibu katika kliniki ya wagonjwa wa nje, na malalamiko kama yako nayasikia karibu kila wiki. Kabla sijasema lolote naomba unijibu maswali manne. Ukiamka asubuhi, uume huwa umesimama au la? Ukiwa peke yako, unasimama na kudumu? Tatizo lilianza ghafla kama ulivyoeleza, au lilikuwa likipungua kidogo kidogo kabla ya usiku huo? Na hamu ya tendo bado ipo?

Wakati nasubiri majibu, tazama lile swali la muuza dawa. Wanaume walio wengi mno wamewahi kupiga punyeto, wenye tatizo na wasio nalo. Swali ambalo karibu kila mteja atalijibu "ndiyo" haliwezi kumtenga mgonjwa na mzima. Linamwezesha tu muulizaji kumuuzia kila anayeingia dawa ile ile.

Mgeni wa Tabata

Asante daktari. Asubuhi unasimama, si kila siku lakini siku nyingi. Nikiwa peke yangu unasimama na hauna shida. Lilianza ghafla, usiku ule ule. Hamu ipo, ila siku hizi jua likizama tu naanza kuogopa, moyo unadunda, na nikifika kitandani najikuta nauchunguza uume kama bado upo imara badala ya kuwa na mke wangu.

Tabibu wa Zamu

Umejieleza vizuri kuliko wengi. Sasa tuanze na hilo neno "mishipa", kwa sababu ndilo linalobeba uongo wote. Katika Kiswahili mshipa ni njia ya damu, mshipa ni wa fahamu, na hata mwenye ngiri huambiwa ana mshipa. Mtu akikuambia mishipa imelegea, muulize ni upi kati ya hiyo. Hatakujibu.

Ndani ya uume kuna vyumba viwili virefu vilivyolala sambamba, vyenye nyama iliyo kama sifongo, na kila kimoja kimefungwa ndani ya ala ngumu. Kuta za sifongo hiyo zina misuli isiyotii amri yako, kama ile ya utumbo. Uume ukiwa umelala, misuli hiyo imekaza na kuzuia damu isiingie kwa wingi. Ukipata msisimko, neva hutoa gesi ya naitriki oksaidi, misuli inalegea, damu inajaa, na sifongo ikivimba inaibana mishipa midogo ya kutolea damu dhidi ya ile ala, hivyo damu inanaswa ndani. Kwa hiyo kulegea kwa misuli ya uume ndiko kunakousimamisha. Anayeuza dawa ya kukaza misuli iliyolegea anaeleza kinyume cha jambo linavyofanya kazi.

Hapo pia utaona hofu inaingilia wapi. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini inaikaza misuli ile ile iliyotakiwa kulegea. Damu inaondoka, uume unanywea, kesho yake unaogopa zaidi. Usiku wa kwanza sababu ilikuwa uchovu na deni. Usiku wa pili na kuendelea, sababu imekuwa kumbukumbu ya usiku wa kwanza.

Mwanaume mzima husimamisha mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja akiwa usingizini, hasa wakati wa ndoto, na kusimama kwa alfajiri mara nyingi ni mara ya mwisho katika mfululizo huo. Hutokea bila yeye kutaka na bila hofu. Ikiwa uume wako unasimama asubuhi na ukiwa peke yako, basi neva, njia za damu na ile ala vinafanya kazi. Kitu kilichoharibika hakiwezi kupona alfajiri na kuharibika tena saa nne usiku.

Fundi wa Pikipiki

Nimesoma kimya kimya tangu jana na nimeona niseme langu. Nina miaka 46. Nguvu zangu zimepungua kwa miaka miwili hivi, taratibu mno, hata sikumbuki zilianza kupungua lini. Nimekuwa nikijilaumu kwa punyeto ya ujana, nikasema haya ndiyo malipo yake. Nimeshatumia vumbi la Kongo, nimeshatumia mizizi ya kila aina. Asubuhi sisimamishi tena, na nikijaribu mwenyewe ni nusu nusu. Je, na mimi ni hofu?

Tabibu wa Zamu

Kaka, hapana, yako siisomi hivyo. Imekuja polepole, inakukuta kila mahali, na asubuhi imekwenda. Hilo linanifanya niutazame mwili kwanza. Naomba uniambie: unakojoa mara ngapi usiku? Una kiu kupita kawaida? Unavuta sigara? Presha umepima lini mara ya mwisho?

Fundi wa Pikipiki

Naamka mara nne, tano kukojoa. Nilidhani ni umri. Maji nakunywa sana, lakini nafanya kazi juani. Sigara niliacha mwaka jana baada ya kuvuta miaka ishirini. Presha sijapima.

Tabibu wa Zamu

Nenda kesho asubuhi kabla hujala wala kunywa chai, upime sukari na presha katika kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri wiki ijayo. Na mpaka upate majibu, weka pembeni hilo vumbi. Dawa nyingi zinazouzwa kama za asili zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, kwa kiasi ambacho hata muuzaji hakijui, na mtu anayemeza dawa za naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua akichanganya vitu hivyo viwili, presha inaweza kushuka hadi akafa.

Msomaji wa Kale

Niongeze jambo dogo kuhusu asili ya imani hii, kwa kuwa wengi wanadhani ni ya mababu zetu peke yao. Mwaka 1760 daktari wa Uswisi aitwaye Tissot, wa mji wa Lausanne, alichapisha kitabu kilichoenea Ulaya nzima kikidai kwamba punyeto huleta udhaifu, upofu na wazimu. Hesabu yake ilikuwa kwamba kupoteza kipimo kimoja cha shahawa ni sawa na kupoteza vipimo arobaini vya damu. Hakuwa mganga wa mtaani, alikuwa daktari mwenye heshima, na ndiyo maana madai yake yaliishi zaidi ya miaka mia moja. Nikiwasikia watu wetu wakisema "unamwaga damu yako", naisikia hesabu ile ile.

Chuma Imara

Daktari, nakuheshimu, lakini hujajibu habari ya homoni. Na mbona mimi nilipona baada ya siku 90?

Tabibu wa Zamu

Umesema mambo matatu na yanatofautiana uzito, kwa hiyo nitayajibu moja moja.

Huo utafiti wa China ulihusu wanaume 28. Testosteroni ilipanda siku ya saba, kisha haikuendelea kupanda, ikarudi. Haukupima kusimama kwa uume hata kidogo. Testosteroni ikishuka kweli, dalili ya mbele kwa kawaida ni hamu kuisha, na mleta mada hamu anayo. Shahawa zenyewe ni mililita chache ambazo mwili unazitengeneza upya, wala si mfuko wa homoni.

La pili, kuhusu kulala kifudifudi, nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyodhani. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Sank, aliandika kuhusu wanaume wachache waliojizoesha kujichua kwa kukandamiza uume kwenye godoro au sakafu, wakashindwa kufanya tendo la ndoa. Anayetumia mkono kwa kubana sana naye anaweza kufika hapo. Mwili umejifunza msuguano mkali ambao uke hauna, kwa hiyo mtu anachelewa mno kufika kileleni, au msisimko haumtoshi na uume unashuka. Lakini tofautisha haya mawili: hayo ni mazoea, na mazoea hubadilika. Na ushahidi wake ni wa wagonjwa wachache walioelezwa, haujatokana na utafiti mkubwa, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwa uhakika kwamba ndiyo sababu yake.

La tatu, siku zako 90. Siwezi kukukatalia kwamba ulipona. Ila katika siku hizo uliacha kubana, pengine uliacha na picha za ngono, bila shaka ulilala mapema, na zaidi ya yote uliamini kwamba unapona, hofu ikaondoka. Ni kipi kati ya hivyo kilichokuponya? Wewe mwenyewe huwezi kukitenga, nami siwezi.

Na kuna wanaume ambao punyeto inawaangusha kwa namna nyepesi kabisa. Mtu akimwaga saa kumi na mbili jioni, akamkuta mkewe saa tatu, uume unaweza kukataa kwa sababu kila mwanaume ana muda wa kupumzika baada ya kumwaga. Kwa kijana ni dakika, kwa mtu wa miaka hamsini inaweza kuwa saa nyingi au siku nzima. Hapo hakuna ugonjwa.

Kijana wa Pwani

Kwa hiyo daktari unamaanisha mkono hauwezi kabisa kuudhuru uume?

Tabibu wa Zamu

Sikusema hivyo. Unaweza, kwa namna moja. Uume uliosimama ukipindwa kwa nguvu, ile ala ngumu niliyoitaja hupasuka. Katika mkoa wa Kermanshah huko Irani kuna mazoea ya kuukunja uume uliosimama ili utoe mlio kama wa kuvunja vidole, na madaktari wa huko wamewapasua wanaume wengi kwa sababu hiyo. Dalili hazijifichi: mlio, maumivu makali, uume kulala papo hapo, kisha uvimbe na weusi. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu akikaa nyumbani kovu linaweza kuuacha umepinda au ukashindwa kusimama. Mtu aliyepatwa na hilo hahitaji kuambiwa na muuza dawa, ataikumbuka saa na dakika.

Mama Wawili

Naomba na mimi nisikike, ingawa huu ni uzi wa wanaume. Mume wangu ana miaka 52, alianzishiwa vidonge vya presha, nguvu zikapungua. Rafiki zake wakamwambia ni vidonge, akaviacha bila kuniambia. Mwezi uliopita alianguka bafuni. Sasa anasema ni bora punyeto ya ujana ndiyo ilaumiwe kuliko kurudia vidonge. Isitoshe, usiku anaangalia picha za ngono kwenye simu. Daktari, kipi ni kipi?

Tabibu wa Zamu

Pole mama. Rafiki zake wana nusu ya ukweli. Baadhi ya dawa za presha, hasa vidonge vya kukojosha na baadhi ya zile za zamani za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kuchangia. Lakini presha yenyewe isipotibiwa inaharibu njia za damu za uume pia. Arudi kliniki aseme wazi, "tangu nianze dawa hii nimepungukiwa." Zipo nyingine za kubadilishia. Asiviache mwenyewe tena, na kule kuanguka kwake kuchunguzwe wiki hii.

Kuhusu picha, hapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2019 watafiti Grubbs na Gola walichapisha kazi iliyofuatilia wanaume kwa muda. Kuangalia picha tu hakukuhusiana na tatizo la kusimamisha, ila wale waliojiona wametekwa na picha ndio walioripoti matatizo zaidi. Je, picha ziliwaharibu, au mtu mwenye wasiwasi ndiye anayekimbilia picha? Kazi hiyo haikulimaliza.

Chuma Imara

Mimi bado nasema picha ndizo zilizoniharibu. Mke wangu alikuwa mbele yangu na akili yangu ilikuwa inatafuta simu. Hilo hakuna mtafiti aliyeliona ila mimi.

Tabibu wa Zamu

Nalipokea hilo. Kwa mtu anayejiona hivyo, kuacha picha ni jaribio lisilo na hasara.

Mgeni wa Tabata, kwako ninashauri hivi. Pima sukari na presha, kwa sababu umri mdogo haumzuii mtu kuugua. Acha kulala kifudifudi, na ukijichua usibane. Kisha kubalianeni na mkeo kwamba kwa wiki mbili au tatu hakutakuwa na kuingiliana kabisa, hata uume ukisimama. Shikaneni, papasaneni, siku za mwanzo bila kugusa sehemu za siri, baadaye mkizigusa bila kutafuta kitu. Njia hii ilielezwa na Masters na Johnson huko Marekani mwaka 1970 na bado inatumika. Inaondoa mtihani. Ukishajua kwamba leo hakuna kinachodaiwa, adrenalini haina kazi.

Fundi wa Pikipiki

Nimepima. Sukari kabla ya kula 14.2. Presha 158 kwa 96. Nesi ameniuliza nimekaa hivi kwa muda gani, nikakosa jibu. Miaka miwili nimenunua mizizi.

Tabibu wa Zamu

Kaka, mtu akifikia 7.0 bila kula, na kipimo kikarudiwa, tunaita kisukari. Wewe umeipita mara mbili. Njia za damu za uume zina upana wa milimita moja hadi mbili, za moyo ni tatu hadi nne, kwa hiyo zinapoanza kuziba mara nyingi uume hulalamika miaka kadhaa kabla ya moyo. Uume wako ulikuwa unakupa taarifa. Anza matibabu, na usisahau kupimwa macho na miguu.

Mgeni wa Tabata

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Sukari 5.1, presha 118 kwa 76. Tulifuata yale makubaliano. Wiki ya pili uume ulisimama, ukashuka, ukasimama tena, na kwa mara ya kwanza sikuhangaika uliposhuka. Juzi tulivunja makubaliano siku nne kabla ya muda na mambo yalikwenda. Jana yalikwenda nusu. Nusu ya fedha iliyobaki sijampelekea yule muuza dawa. Kuna jambo moja limenishinda: mke wangu bado hajui habari ya punyeto. Nimwambie?

Mama Wawili

Mdogo wangu, mimi si daktari. Nitakuambia tu kwamba miezi ile mume wangu alipokuwa ananipa mgongo bila kusema, sikuwaza vidonge wala punyeto. Niliwaza kuwa nimezeeka na hanitaki. Mkeo naye ana lake analowaza sasa hivi, muulize kwanza hilo.

Fundi wa Pikipiki

Nina wiki ya tatu kwenye dawa, sukari imeshuka hadi 8.6. Asubuhi uume umesimama mara moja, Jumapili, kwa dakika chache. Daktari, je, utarudi wote?

Tabibu wa Zamu

Sitakuahidi. Njia za damu na neva zilizoumia muda mrefu hazirudi zote kwa kila mtu, na kwako itategemea zimeumia kiasi gani. Hiyo ya Jumapili ni dalili njema. Alhamisi ukienda kliniki waulize kama moyo wako unaruhusu sildenafili ya hospitali, na uwatajie kila mzizi uliowahi kunywa.